Umekataliwa chuo? Maswali yenye watu huuliza kuhusu barua, rufaa, kuaplai tena na kubadilisha kozi

Kila mwaka baada ya matokeo ya KCSE, maswali ni yale yale, kutoka Kakamega, Bondo, Kisumu mpaka Nakuru. Nimeyakusanya hapa. Nimetumia sana mfano wa digrii ya uuguzi juu hapo ndipo watu wengi wa huku hukwama, na pia juu kozi hiyo inaonyesha vizuri tofauti ya kukosa kuhitimu na kukosa nafasi. Kama kozi yako ni ingine, hesabu zako zitabadilika lakini njia ya kusoma barua ni ile ile.

## Kuisoma barua

1. Barua imesema tu "samahani hukufaulu". Nianzie wapi?

Anza na kujua nani amekuandikia. Kuna KUCCPS, wale wanaopangia watu vyuo kutumia tovuti yao, na kuna chuo chenyewe, ukiwa uliaplai moja kwa moja kama mwanafunzi wa kujilipia. Hizi ni njia mbili tofauti na watu huzichanganya sana, unapata mtu analalamikia Maseno kwa kitu Maseno haikuamua.

KUCCPS kwa kawaida haitumi barua ya kukataa. Unaingia kwa akaunti yako unapata hukupangiwa, ama umepangiwa kozi uliyoweka chini kabisa. Gredi zako wanazitoa KNEC moja kwa moja, hakuna mtu wa kuzikosea akipiga chapa. Chuo nacho hutegemea fomu uliyojaza na karatasi ulizoambatisha, kwa hivyo kosa la kibinadamu linaweza kuingia hapo, na hilo ndilo unatafuta.

Halafu tafuta sentensi ya sababu, kawaida ni ya pili ama ya tatu, baada ya zile shukrani. Karibu kila barua ina moja ya sababu hizi: hukutimiza mahitaji ya chini ya kozi, nafasi zilijaa, karatasi hazikukamilika, ama ulichelewa. Piga mstari chini ya hiyo sentensi. Kila kitu kinachofuata hapa chini kinategemea hiyo.

2. "Hukutimiza mahitaji ya chini" inamaanisha nini na nina B-? Si digrii ni C+?

Hili swali naulizwa kuliko yote. C+ ya wastani inakufungulia geti ya digrii kwa jumla, lakini kozi nyingi ziko na geti ya pili, ambayo ni gredi za masomo fulani.

Uuguzi wa digrii unataka wastani wa C+ na pia C+ kwa Biolojia, C+ kwa Kemia, C+ kwa Hisabati ama Fizikia, na C+ kwa Kiingereza ama Kiswahili. Digrii ya sheria nayo inataka B plen ya Kiingereza ama Kiswahili hata kama wastani wako ni C+. Ualimu wa sekondari unataka C+ kwa yale masomo mawili utafundisha, na hiyo TSC wataiangalia tena baadaye ukitaka namba yao, hata kama chuo kilikuachilia upite.

Kitu kingine kimeongeza hii shida. Tangu KCSE ya 2023 wastani unahesabiwa kwa Hisabati, lugha moja uliyofanya vizuri zaidi, halafu masomo matano mengine bora. Kwa hivyo mtu anaweza kuanguka Kemia vibaya sana na wastani ubaki mzuri juu Kemia haikuingia kwa hesabu. Wastani unafurahisha mzazi, lakini msajili anaangalia mstari wa Kemia.

3. Na "nafasi zilijaa"?

Hapo wanasema ulihitimu lakini kuna wenzako walikupita. Hii ni habari nzuri kidogo kuliko ile ya swali la 2, juu haikufungii kozi, inakufungia tu hiyo foleni ya mwaka huo katika chuo hicho. Kosa la watu ni kuijibu kwa rufaa. Angalia swali la 6 kwanza.

4. Barua haina sababu yoyote. Wanaruhusiwa?

Kuandika barua fupi, wanaandika. Lakini kwa chuo cha umma una haki ya kuuliza. Kifungu cha 47 cha Katiba kinasema ukiathirika na uamuzi wa ofisi ya umma upewe sababu kwa maandishi, na kuna sheria ya 2015 ya Fair Administrative Action Act inayoeleza vile inafanyika. Hiyo sheria inawapa hadi miezi mitatu kukujibu, na hiyo ni ndefu, masomo yatakuwa yameanza kitambo. Kwa hivyo usianze na kutaja sheria. Anza na imeli fupi ya heshima kwa msajili wa masuala ya masomo: jina lako, namba ya maombi, kozi, tarehe ya barua, na swali moja tu, nilikosa hitaji gani ama ni nafasi zilijaa? Wengi hujibu hiyo haraka kuliko barua ya kurasa tatu yenye machozi.

## Rufaa

5. Ni wakati gani rufaa iko na maana?

Kama kuna kitu cha ukweli kwa faili yako ambacho ni kibaya na unaweza kukithibitisha na karatasi. Gredi ilisomwa vibaya, ukurasa wa slipu haukufika, malipo ya fomu yaliingia na wao wanasema hayakuingia na uko na ujumbe wa M-Pesa, jina halifanani. Rufaa inarekebisha kosa, haitengenezi kiti.

Acha nikuonyeshe kesi moja niliyoitengeneza kutoka kwa zile naonaga. Msichana wa Mumias ana wastani wa B-. Biolojia B, Kemia C+, Hisabati C+, Kiingereza B-. Mengine ni Kiswahili B, CRE B+, Jiografia B-. Aliaplai uuguzi moja kwa moja kwa chuo kimoja, fomu ikajaziwa saiba. Barua ikarudi: hukutimiza mahitaji ya Kemia. Mama akaanza kutafuta mtu wa kujua mtu. Kumbe ukifungua ile PDF ya fomu aliyotumiwa kwa imeli siku ya kuaplai, Kemia imeandikwa C, ile alama ya kujumlisha haipo.

Hapo rufaa ni ya nusu ukurasa. Aya ya kwanza: niliaplai kozi hii, namba hii, nilipata barua ya tarehe hii. Ya pili: fomu inaonyesha Kemia C, slipu ya KNEC inaonyesha C+, kosa ni la kujaza. Ya tatu: naomba maombi yangu yaangaliwe upya kwa gredi sahihi. Anaambatisha slipu, fomu na barua yao. Hakuna haja ya kueleza vile baba hana kazi, hiyo ni ya ofisi ya karo baadaye.

Na ona vile anakubali kosa ni la kujaza badala ya kulaumu chuo. Ofisi ikiona hailaumiwi inasahihisha haraka.

6. Huyo msichana sasa atapata nafasi?

Si lazima. Rufaa ikikubaliwa, inamtoa kwa kundi la "hajahitimu" na kumpeleka kwa kundi la "amehitimu, ashindane". Hapo ndipo pointi za klasta zinaingia, na ni vizuri ajue ziko wapi kabla hajatumia nguvu zote kwa rufaa.

Hesabu ya zamani inayojulikana sana ni hii:

```
pointi = √( (r ÷ 48) × (t ÷ 84) ) × 48
```

Hiyo r ni jumla ya masomo manne ya klasta, na t ni jumla ya masomo saba. A ni 12, A- ni 11, unashuka hivyo. Kwake Biolojia 9, Kemia 7, Hisabati 7, na Kiswahili 9 juu ndiyo lugha aliyofanya vizuri zaidi, jumla 32. Ongeza Kiingereza 8, CRE 10, Jiografia 8, unapata 58 kwa yote saba. Ukiweka kwa hesabu inatoka kama 32.57.

Sasa ichukue kama makadirio tu. KUCCPS wanaangalia pia vile masomo yalifanywa nchi nzima mwaka huo, kwa hivyo namba ya kweli ni ile iko kwa akaunti yako, na inaweza kutofautiana na yako kwa pointi kadhaa. Lakini kama mtu wa mwisho kupokewa mwaka jana kwa kozi hiyo alikuwa na, tuseme, 38, hakuna rufaa ya kukutoa 32 ikufikishe 38. Hiyo ndiyo watu huita katofu, na haiwekwi na mtu ofisini mapema, ni pointi za yule wa mwisho aliyeingia, ndio maana inapanda na kushuka kila mwaka.

Kwa njia ya kujilipia ushindani huwa mwepesi kidogo kwa kozi nyingi, lakini uuguzi una kikomo chake juu Baraza la Wauguzi linaangalia idadi ya wanafunzi, walimu na vitanda vya mafunzo. Kwa hivyo chuo kikisema kimejaa, mara nyingi kimejaa kweli.

7. Nina muda gani wa kukata rufaa?

Soma barua, nyingine zinataja siku. Kama haijataja, andika ndani ya wiki hiyo hiyo, na uhesabu kutoka tarehe iliyoandikwa juu ya barua, sio siku uliyoifungua. Tuma kwa imeli ndio ubaki na ushahidi wa saa, na kama uko karibu peleka nakala upigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Hiyo nakala ya muhuri ni muhimu kuliko ahadi ya mtu wa dirishani.

8. Kuna jamaa anasema anajua mtu pale ofisini, elfu kadhaa tu.

Usimpe. Kama hukuhitimu, hata ukiingizwa, cheti chako kitakaguliwa siku ya usajili na tena siku ya leseni. Kama ulihitimu na ni foleni, anachukua pesa kwa watu kumi, halafu wawili wao wakiingia wenyewe anasema ni yeye.

9. Wamenyamaza kabisa. Naenda wapi?

Kumbusha mara moja baada ya wiki mbili, halafu andikia naibu wa makamu mkuu wa chuo anayehusika na masomo, ukiambatisha ile ya kwanza. Kikiwa chuo cha umma unaweza kuomba taarifa kwa Access to Information Act ya 2016, ambayo inawapa siku 21. Wakinyamaza bado, kuna Tume ya Haki ya Utawala, wale watu huita Ombudsman, na wako na ofisi Kisumu. Lakini fanya hii kama kosa ni wazi kama la swali la 5. Kwa kesi ya nafasi kujaa utashinda barua na ukose kiti.

## Kuaplai tena

10. Nikingoja mwaka mmoja niaplai ile ile, kitu gani kitabadilika?

Jiulize hivyo hivyo bila huruma. Gredi zako hazitabadilika zenyewe. Kinachoweza kubadilika ni chuo, njia, na mpangilio wa chaguo. Kama ulikosa kwa pointi moja hivi kwa chuo kikubwa, chuo kingine chenye kozi ile ile kinaweza kuwa na mtu wa mwisho aliye chini yako. Linganisha kozi hiyo hiyo kwa Maseno, Masinde Muliro, Jaramogi kule Bondo, Egerton, Kibabii, na wengine, kama wanaitoa; kwenye tovuti ya KUCCPS wanaonyesha pointi za mwisho za miaka iliyopita. Angalia miaka kadhaa, sio mmoja, juu mwaka mmoja unaweza kudanganya.

Kama ulikosa kwa pointi sita kila mahali, kungoja ni kungoja tu.

11. Na kurudia KCSE?

Inawezekana kama mtahiniwa wa kibinafsi, lakini uliza KNEC kwanza kama ni masomo yote ya cheti kizima, usidhani tu utabeba Biolojia ya zamani ufanye Kemia peke yake ushone pamoja. Usajili wa KNEC hufanyika mapema mwaka, kwa hivyo mtu anayengoja kuamua mpaka barua za vyuo zitoke anaweza kuwa amechelewa mwaka mzima. Kwangu mimi kurudia kunaleta maana kama ulikuwa mgonjwa ama kulikuwa na shida inayoeleweka na mitihani ya mazoezi inaonyesha uwezo. Kama ulipata C plen ya Kemia na miaka minne yote ulikuwa unapata hiyo hiyo, fikiria swali la 13.

Ikiwa unaamini KNEC walikosea kusahihisha, hiyo ni kitu ingine. Inapitia shule yako na muda wake ni mfupi, karibu mwezi mmoja baada ya matokeo. Barua ya chuo ikifika, huo mlango kawaida umefungwa.

12. KUCCPS walinipangia kozi ya chini kabisa kwa orodha yangu. Nikiikataa naweza kuaplai mwaka ujao?

Hapa watu huumia. Mwaliko wa KUCCPS kwa watu wa miaka ya nyuma kawaida ni kwa wale hawajawahi kupangiwa, kwa hivyo kupangiwa na kutoenda hakukuachi mahali ulikuwa. Kabla ya kukaa nyumbani na hasira, subiri dirisha la kuhama chuo. Linafunguliwa kwa tovuti hiyo hiyo baada ya kupangiwa, unaomba kozi ambayo pointi zako zinafika zile za mwisho za mwaka huo, na masomo yanatimia, na kuwe na nafasi, halafu chuo kinachokupokea na kinachokuachilia vyote vikubali. Ukikosa hapo, ukishareporti uliza kitivo kuhusu kuhamia kozi ingine ndani ya chuo hicho, na uulize wiki ya kwanza sio mwezi wa pili.

Funzo la wadogo zako: usijaze chaguo la mwisho na kitu huwezi soma, ati kujaza tu.

## Kuchagua kozi ingine

13. Kemia yangu ni C plen na nataka tu kuwa nesi. Nifanye nini?

Digrii moja kwa moja imefungwa, na rufaa hapo ni kupoteza bando. Lakini kazi haijafungwa. Diploma ya uuguzi inaanzia wastani wa C plen, na masharti ya masomo yako chini ya yale ya digrii. KMTC wako na kampasi Kisumu, Nakuru, Kakamega, Bungoma na miji mingine mingi. Ni kama miaka mitatu, unafanya mtihani wa Baraza la Wauguzi, unapata leseni, unafanya kazi, halafu kuna vyuo vinavyopokea wenye diploma na leseni kwa digrii ya kupandia. Kwa jumla unachukua miaka mingi kuliko yule wa digrii ya miaka minne, lakini katikati unaweza kuwa unalipwa.

Linganisha hiyo na kupewa digrii "inayokaribia" kama afya ya jamii. Ni kozi nzuri na ina kazi zake, lakini haikupeleki kwa leseni ya uuguzi. Nimeona mzazi akikubali juu imeandikwa afya, miaka minne baadaye mtoto anauliza leseni iko wapi.

14. Kozi niliyopewa badala yake, naikaguaje?

Mambo mawili. Moja, iko kwa orodha ya kozi zilizoidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, katika chuo hicho hasa? Mbili, kama kazi inahitaji leseni, bodi ya taaluma imekubali kozi hiyo katika kampasi hiyo? Uuguzi ni Baraza la Wauguzi, uinjinia ni Engineers Board of Kenya. Chuo kinaweza kuwa kizuri na kozi moja ikawa bado.

Tatu nimesahau kidogo, pesa. Ukipangiwa na KUCCPS kwa chuo cha umma unaweza kuomba ufadhili wa serikali na mkopo wa HELB. Ukiingia kwa kujilipia, ule ufadhili hauhesabu. Kozi ya pili kwa KUCCPS inaweza kuwa nafuu mara kadhaa kuliko kozi ya kwanza kwa kujilipia, kwa hivyo omba karatasi ya karo ya miaka yote kabla hujauza ng'ombe, sio ya muhula wa kwanza peke yake.

15. Wameniambia nifanye kozi ya kuziba pengo la Kemia halafu nitaingia.

Kabla ya kulipa, pata jibu kwa maandishi kutoka pande mbili, chuo na bodi ya taaluma, kwamba hiyo itakubalika badala ya gredi ya KCSE kwa kozi unayotaka. Chuo kikikubali na bodi ikatae, utasoma miaka minne bila leseni. Mtu asipotaka kukuandikia, umeshajibiwa.

## Kesi za pembeni

16. Jina kwa slipu si sawa na la kitambulisho.

Hii ni karatasi, sio gredi, na inarekebishika. Kama ni herufi ama mpangilio wa majina, hati ya kiapo kwa wakili kawaida inatosha kwa rufaa. Kama umebadilisha jina kabisa, utahitaji kulisajili rasmi. Ambatisha cheti cha kuzaliwa pia.

17. Nilisoma Uganda, niko Busia. Barua inasema cheti hakitambuliki.

Soma vizuri kama wamesema hakitambuliki ama hakijalinganishwa. Mara nyingi ni ya pili. Cheti cha nje lazima kilinganishwe na cha Kenya kwanza, kwa sekondari KNEC ndio hufanya, na kwa UACE vyuo kawaida vinaangalia angalau prinsipo mbili za masomo yanayohusika. Peleka ombi la kulinganisha leo, andikia chuo kwamba umeshapeleka, ambatisha risiti, na uombe faili yako isifungwe mpaka barua ya kulinganisha itoke. Wakikataa kungoja, hiyo barua bado utaihitaji kwa maombi ya muhula unaofuata, kwa hivyo haipotei.

18. Naweza kukata rufaa na kuaplai kwingine wakati mmoja?

Ndio, na ufanye hivyo. Rufaa haikufungi. Kitu cha kuangalia ni tarehe za kukubali na za kulipa: chuo cha pili kikikupa nafasi na tarehe ya mwisho iko kabla ya jibu la rufaa, uliza kama kuna ada ya kushikilia nafasi na kama inarudishwa. Kama hairudishwi, ichukue kama pesa imeenda, halafu uamue kama nafasi hiyo inakufaa hata rufaa ikigonga mwamba.